Ugatuzi na federali

"Kwani kaunti zetu za Kenya si ni federali tu kwa jina lingine?"

Hapana, ila uko karibu. Kaunti haina mahakama kuu yake kama majimbo ya Naijeria, na kodi inazotoza yenyewe ni kama za ardhi na burudani, pesa nyingi zinatoka Nairobi, Katiba inasema zisipungue asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa, sasa Hazina ya Taifa ikizichelewesha tu, mishahara ya manesi inakwama na gavana hana pa kukimbilia. Lakini kuivunja si rahisi. London ilisimamisha bunge la Ayalandi ya Kaskazini 1972 kwa sheria ya kawaida, huku kwetu kugusa muundo wa ugatuzi lazima refarenda, soma Kifungu cha 255 cha Katiba.