Re: Kurekebisha kifungu cha notisi bila ya kugusa makubaliano

"Mkataba wa mfanyakazi wa hoteli, Nungwi, unasema: 'Hakuna upande utakaozuiwa kuvunja mkataba huu isipokuwa ambao haujatoa notisi ya mwezi.' Niandikeje bila ya kubadilisha walichokubaliana?"

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Anza kwa kukipima kifungu kwa hali mbili: aliyetoa notisi hazuiwi, na asiyetoa anazuiwa. Sentensi mpya lazima itoe majibu hayo hayo: "Upande wowote unaweza kuvunja mkataba huu baada ya kutoa notisi ya mwezi mmoja." Usichomeke "ya maandishi", hata kama ni busara, kwa sababu hilo ni sharti jipya ambalo hawakulikubali.

Kazi ngumu ni huo "mwezi". Notisi iliyotolewa tarehe 10 Machi inaweza kuhesabiwa kuwa inakwisha tarehe 10 Aprili, au mwisho wa Aprili kwa anayehesabu mwezi mzima wa mshahara, na tofauti hiyo ni siku 20 za malipo. Wengi hukimbilia kuandika "siku 30", lakini Februari ina siku 28 au 29, kwa hiyo hapo muda umeshabadilika. (Na kwetu huku, ni vyema kutaja kuwa ni mwezi wa kalenda ya Miladi.)

Hapa mwandishi hana haki ya kuchagua. Waulize wote wawili, kila mmoja peke yake, walikusudia nini. Wakiafikiana kuwa ni tarehe kwa tarehe, andika: "Mwezi utahesabiwa tangu siku notisi ilipotolewa hadi tarehe kama hiyo ya mwezi unaofuata", kisha waweke saini. Wakitofautiana, hayo ni mazungumzo mapya, si uhariri.