Ruta mpya, spika bubu: acha spika, anza na ruta

*Wakubwa, wiki jana tulibadilisha ruta nyumbani. Tangu siku ile Echo Dot ya mama haijibu kitu, inasema tu haina intaneti. Simu zetu zote zinaingia vizuri. Akaunti ni ya yaya wetu aliye Ubelgiji, ndiye aliyeiunganisha spika alipokuja likizo. Niifute irudi kama mpya ama nifanye je?*

Ndugu yangu, tafadhali usiifute. Ukiifuta itasahau na akaunti ya yaya wako pia, na kuirudisha itakuwa kazi kubwa kuliko hii uliyo nayo sasa. Nyumbani kwetu hapa Bel-Air, Lubumbashi, tulipita mulemule mwaka jana: spika ya mama chumbani, akaunti ya kaka aliye Ulaya, ruta ya SIM imekufa, mpya imeletwa. Mama alikuwa akisikiliza nyimbo za ibada kila alfajiri kwa spika ile, na siku tatu zile chumba kilikuwa kimya. Kwa hiyo nakuandikia kwa urefu.

Kwanza elewa spika inakumbuka nini. Haikumbuki ruta. Inakumbuka vitu viwili tu: jina la waifai na neno lake la siri. Kila ikiwashwa inasikiliza hewani, inatafuta lile jina, ikilipata inatoa neno la siri na kuingia. Ruta mpya ilikuja na jina lake la kiwandani, nyinyi mkaliandika kwenye simu, simu zikaingia. Spika haina kioo cha kuandikia, kwa hiyo mpaka leo inaita jina la zamani na hakuna anayeitika. Na yaya wako hawezi kuisaidia kutoka Ubelgiji, maana amri yake ingepaswa kupita kwenye intaneti, na spika ndiyo haina.

Sasa geuza shauri. Badala ya kuifundisha spika jina jipya, ipe ruta mpya jina la zamani na neno la siri la zamani, herufi kwa herufi. Spika itasikia jina inalolijua na kuingia yenyewe. Huhitaji akaunti ya mtu yeyote, hubonyezi kitufe chochote kwenye spika. Kama kuna taa au kamera zilizokuwa kwenye waifai ileile, nazo zitarudi pamoja nayo.

Kabla ya hapo hakikisha ruta yenyewe ina mega. Zima data ya simu, baki kwenye waifai peke yake, fungua ukurasa wowote. Usipofunguka, shida si spika, huenda ni forfe iliyoisha.

Kazi yenyewe iko kwenye kulijua jina la zamani kikamilifu. Kama ruta ya zamani bado ipo, geuza uangalie karatasi iliyobandikwa chini, lakini iamini tu kama hakuna aliyewahi kubadilisha. Sisi tulikuwa tumebadilisha. Kilichotuokoa ni laptopu ya mdogo wangu, ambayo ilikuwa imeshaingia kwenye waifai ile zamani. Windows huhifadhi majina yote. Fungua dirisha la amri, lile la `cmd`, andika:

```
netsh wlan show profiles
```

Itakutolea orodha ya kila waifai ambayo laptopu imewahi kuingia. Ukiliona jina lenu, andika tena, ukiweka jina hilo kati ya alama za nukuu:

```
netsh wlan show profile name="Maison_BelAir" key=clear
```

Tafuta mstari ulioandikwa `Contenu de la clé` kama Windows yako ni ya Kifaransa, au `Key Content` kama ni ya Kiingereza. Hapo mbele ndipo lilipo neno la siri. Usiliandike kwa mkono kwenye karatasi, linakili vilevile. Jina nalo vilevile: mimi nililiandika kwa kichwa, nikaweka `Maison_Belair` kwa b kubwa na a ndogo, na kwa waifai hayo ni majina mawili tofauti. Hata nafasi tupu mwishoni mwa jina inahesabiwa.

Halafu ingia ndani ya ruta mpya. Ukiwa kwenye waifai yake, andika `ipconfig` kwenye dirisha lilelile la amri, na namba iliyo mbele ya `Passerelle par défaut`, au `Default Gateway` kwa Kiingereza, ndiyo mlango wa ruta. Ruta nyingi za SIM huwa na `192.168.8.1`, `192.168.0.1` au `192.168.1.1`. Iandike kwenye kivinjari. Neno la kuingilia liko kwenye karatasi ya chini ya ruta, na si lazima liwe sawa na lile la waifai. Tafuta sehemu ya waifai: jina linaitwa `SSID`, weka la zamani. Neno la siri, weka la zamani. Mahali pa usalama chagua `WPA2-PSK`, hata kama ruta mpya inakupa `WPA3`. Spika na taa za miaka ya nyuma nyingi zinaijua WPA2 tu, na ruta ikidai WPA3 peke yake zitasikia jina zishindwe kuingia.

Ukihifadhi, ruta itakutupa nje. Hiyo ni sawa. Sasa chukua simu iliyokuwa inaingia kwenye waifai ya zamani na ambayo hakuna aliyelifuta jina hilo. Ikiingia yenyewe bila kukuuliza kitu, umeandika sawasawa. Ikikuuliza neno la siri, kuna herufi moja umekosea, rudi uangalie. Jaribio hili ni la kuaminika kuliko macho yako.

Kwetu simu iliingia yenyewe, nikafurahi, nikaenda chumbani kwa mama: spika bado bubu. Nikaichomoa, nikaichomeka, bure. Hapa ndipo nilipoteza siku nzima, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Ruta mpya nyingi hutoa waifai mbili kwa wakati mmoja, moja ya `2.4GHz` na nyingine ya `5GHz`, kila moja na jina lake. Mimi nilikuwa nimebadilisha jina la 5GHz peke yake bila kujua. Ile ina mbio, lakini kuta zinaimeza. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, na kati ya saloni yenye ruta na chumba cha mama kuna kuta mbili nene. Simu iliingia kwa sababu nilikuwa nimesimama saloni. Nilipoibeba mpaka kando ya kitanda cha mama, alama ya waifai ilishuka mpaka ikapotea. Spika ilikuwa imekaa mahali ambapo jina lile halifiki kabisa. Nilirudi ndani ya ruta, nikaweka jina lilelile na neno lilelile kwenye 2.4GHz, ambayo hupenya kuta vizuri zaidi, na kabla sijatoka saloni nilisikia mama akiita kwamba imeongea. Kwa hiyo jaribio la simu lifanye ukiwa umesimama palepale spika ilipo, si kando ya ruta. Na kama una taa za waifai, kumbuka nyingi kati yake hazina masikio ya 5GHz kabisa, zinahitaji 2.4GHz hata zikiwa mezani pamoja na ruta.

Ukifika hapo na bado haijibu, kuna njia ya kujua kosa liko upande gani. Zima ruta kabisa. Chukua simu yenye mega, fungua hotspoti yake, uipe jina la zamani na neno la siri la zamani, na kama simu inakuuliza chagua 2.4GHz. Iweke kando ya spika, chomoa spika, ichomeke tena, subiri dakika mbili tatu. Ikiongea, jina na neno la siri ni sahihi, tatizo liko kwenye mipangilio ya ruta: ya usalama au ya masafa. Isipoongea, jina au neno la siri unaloshikilia si lile ambalo yaya wako aliliingiza. Mpigie umuulize aliandika nini siku ile. Inawezekana aliiunganisha na ruta nyingine kabisa au na simu yake. Jaribio hilo halili mega nyingi, swali moja na jibu tu.

Jambo moja linaweza kukudanganya wakati wa majaribio: kurani ikikatika na kurudi, spika huamka mapema kuliko ruta ya SIM, ambayo kwanza inatafuta mnara. Katika dakika zile spika italalamika haina mtandao hata kama kila kitu kiko sawa. Ipe nafasi kabla hujaanza kubadilisha mambo.

Njia hii isitumike kama neno la siri la zamani linajulikana na parseli nzima na ndiyo sababu mlibadilisha. Hapo mtakuwa mmewarudishia majirani mega zenu. Katika hali hiyo, au kama jina la zamani limepotea kabisa, itabidi spika ifundishwe upya, na yaya wako lazima awepo kwenye simu. Weka apu ya Alexa kwenye simu ya nyumbani, uingie kwa akaunti yake, yeye akusomee namba ya uthibitisho atakayotumiwa. Ruhusu apu ione mahali ulipo, bila hiyo simu za Android haziioneshi waifai za karibu. Nenda `Devices`, chagua spika ya mama, fungua mipangilio, na mbele ya `Wi-Fi Network` gusa `Change`. Kwenye simu ya Kifaransa maneno hayo yatakuwa ya Kifaransa. Apu itakuambia ubonyeze kitufe chenye nukta juu ya spika. Kishikilie mpaka pete ya taa iwe ya rangi ya chungwa, halafu achia mara moja. Kwenye Echo Dot ya kizazi cha 3, ukiendelea kukishikilia kwa sekunde 25 inajifuta yote, na hilo ndilo tunalolikwepa tangu mwanzo.

Ikiwa apu itaiunganisha simu na waifai ya muda inayoanza na `Amazon-`, simu itakuonya kwamba haina intaneti na itataka kurudi kwenye data. Zima data ya simu, ikatalie, baki pale mpaka apu ikuoneshe orodha ya waifai za nyumbani. Chagua yenu, andika neno la siri jipya. Pete ikizimika na sauti ikatoka, mpe mama spika yake.