Pini ikikaa nyuma ya ukuta: namna ya kuripoti mpaka irekebishwe

Mara ya kwanza kumpeleka mama kliniki ya mazoezi ya viungo, ramani ya simu ilitufikisha kwenye uchochoro, mbele ya ukuta mrefu wenye chupa zilizovunjwa juu yake. "Umefika," simu ikasema. Kibao hakikuonekana wala mlango. Mama alikuwa na fimbo, goti limevimba, na tuliyekodi gari lake alikuwa ameshageuza na kuondoka. Tulizunguka mtaa mzima kwa miguu, kama mita 600, tukisimama kila baada ya hatua chache. Tulipoingia, dada wa mapokezi alimtazama mama akasema, "Pole sana mama, mmeletwa kule nyuma, eeh? Wengi wanaishia huko. Tukipigiwa simu huwa tunawaelekeza."

Nilipouliza kama wameshawahi kuripoti, akaniambia waliripoti mara mbili kwamba anwani ni mbaya, na hakuna kilichobadilika. Niliangalia ile anwani pale pale kwenye kaunta. Ilikuwa sahihi: jina la barabara, namba ya jengo, kila kitu. Walikuwa wanaripoti kosa ambalo halipo, na lile lililopo hakuna aliyelitaja.

Hapo ndipo ripoti nyingi zinapokwama. Biashara kwenye ramani ina vitu viwili vinavyofanana na kimoja. Kuna anwani, yaani maandishi yale anayoyasoma mtu. Kuna pini, yaani nukta kwenye ramani, ambayo kwa kompyuta ni namba mbili tu, latitudo na longitudo. Maandishi yanaweza kuwa sahihi na pini ikawa pengine kabisa, au kinyume chake. Tena kuna la tatu ambalo halimo kwenye taarifa za biashara hata kidogo: njia. Ukiomba uelekezwe, programu huchukua pini, hutafuta barabara iliyo karibu nayo, na kukupeleka mpaka ukingoni mwa barabara hiyo. Kama mlango unatazama barabara nyingine, hilo programu haijui.

Kabla ya kugusa kitufe chochote cha kuripoti, basi, jua kwanza lipi kati ya hayo matatu limekosea. Kupima si kazi kubwa. Soma anwani, ulinganishe na kibao kilichopo mlangoni. Kisha washa picha za setilaiti, vuta karibu mpaka uone mapaa, uangalie pini imekaa juu ya paa lipi. Mwisho omba maelekezo ukianzia sehemu mbili tofauti, uangalie njia inaishia wapi. Mara nyingi utaona mwishoni mstari wa vinukta unaotoka barabarani hadi kwenye pini. Hicho ni kipande ambacho ramani haina barabara ya kukupitisha. Sisi vinukta vyetu vilikuwa vinapenya ukuta.

Pini ya kliniki haikuwa mbali. Nilibonyeza juu yake kwa muda, namba zikatokea, nikabonyeza tena mbele ya mlango. Latitudo zilitofautiana kwa 0.0003. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, kwa hiyo tarakimu ya nne baada ya nukta ni kama mita 11, na tatu zake ni mita 33. (Kwa longitudo hesabu hiyo ni kweli karibu na ikweta, ukienda mbali nayo mita zinapungua.) Mita 33 ni urefu wa jengo lenyewe. Ila kwa kuwa kiwanja kiko katikati ya barabara mbili, hizo mita 33 zilitosha kuifanya pini iwe karibu zaidi na uchochoro wa nyuma kuliko barabara ya mbele. Ndiyo maana kosa dogo hivyo lilizaa mzunguko wa mita 600 kwa mtu mwenye goti bovu. Mtu akikwambia "si mbaya, iko hapo hapo tu," muulize njia inaishia barabara gani.

Chanzo cha pini za namna hii mara nyingi ni makadirio. Ramani ikijua namba ya nyumba ya mwanzo na ya mwisho wa barabara tu, zilizo katikati huzigawanya kwa umbali. Ikishindwa kuitambua anwani kabisa, inaweza kuiweka pini katikati ya mtaa mzima. Dalili yake ni rahisi kuiona: biashara kadhaa zisizohusiana zimerundikana kwenye nukta moja, au pini imekaa katikati ya lami. Kuna pia pini zilizowekwa na mwenye biashara akiwa amekaa ndani ya chumba na kuchagua "mahali nilipo". Simu chini ya anga wazi hukosea mita chache tu, lakini ndani ya jengo, au kati ya majengo marefu, inaweza kuruka hadi ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo usiiamini nukta ya bluu ukiwa ndani. Tumia paa unaloliona kwenye setilaiti, na kama picha imepitwa na wakati, toka nje usimame mlangoni.

Sasa ripoti yenyewe. Nitaeleza kwa Google Maps kwa kuwa ndiyo walio nayo wengi. Fungua ukurasa wa biashara, teremka mpaka "Suggest an edit", kisha chagua "Change name or other details". Humo gusa sehemu ya mahali, ramani ndogo itafunguka, nawe utaisogeza mpaka alama ikae unapotaka. Vuta karibu kabisa kabla ya kusogeza. Ukiburuta ramani ikiwa mbali, kidole kikiteleza kidogo tu umeshahamisha biashara mita 50. Mimi huiweka pini ndani ya paa la jengo, upande wa mlango mkuu. Siiweki barabarani hata kama njia ingetoka vizuri zaidi, kwa sababu anayehakiki ataona pini haimo ndani ya jengo lolote, na ana haki ya kuikataa.

Kwenye ukurasa huo huo kuna chaguo jingine, "Close or remove". Tafadhali usiliguse kwa kosa la pini. Mtu mwenye nia njema akifika kwenye ukuta hudhani biashara haipo, anachagua kwamba haipo hapo, na ripoti kama hizo zikikubaliwa, mtu anayefanya kazi yake kila siku anaondolewa kwenye ramani.

Mimi mwenyewe nilikosea ripoti ya kwanza. Nilisogeza pini, nikaongeza kwenye anwani maneno "geti la bluu, mkabala na mti mkubwa", na kwa kuwa nilikuwa humo nikarekebisha na jina. Ikakataliwa. Niliporudi nikaelewa kwa nini: nilikuwa nimeomba mambo matatu kwa pamoja, na moja lao, maelezo ya geti, si anwani hata kidogo. Mara ya pili niliomba jambo moja tu, pini. Siku hiyo hiyo niliongeza kwenye ukurasa wa biashara picha mbili nilizopiga nje: moja ya kibao na namba ya jengo vikiwa kwenye fremu moja, nyingine nikiwa ng'ambo ya barabara ili jengo la jirani nalo lionekane. Picha ya kibao peke yake haisemi kibao kiko wapi. Ile ya pili ndiyo inayoweza kulinganishwa na setilaiti na picha za barabarani.

Ukishatuma, hali ya pendekezo utaiona kwenye sehemu ya michango yako, na likikubaliwa huja barua pepe. Mengine hupita ndani ya muda mfupi, mengine hukaa siku nyingi. Likiwa bado linahakikiwa usilitume tena na tena. Lililo bora ni mtu mwingine anayepafahamu mahali hapo kutuma lake kwa simu yake, pini ikiwa pale pale.

Njia iliyo na nguvu kuliko zote ni ya mwenye biashara. Nilimwonyesha dada wa mapokezi, naye akamwita mkuu wake. Mwenye biashara aliyethibitishwa huingia kwenye wasifu wa biashara, anagusa "Edit profile", anakwenda sehemu ya mahali na kurekebisha pini mwenyewe. Angalizo moja: akibadilisha anwani anaweza kutakiwa kuthibitisha biashara upya, kwa hiyo kama anwani ni sahihi aiache kama ilivyo, aguse pini tu. Pia ahakikishe tovuti na kurasa zake nyingine zinasema anwani ile ile, herufi kwa herufi, maana taarifa zinazopingana humpa mhakiki sababu ya kusita.

Kuna wakati pini iko sawasawa na bado watu wanapelekwa nyuma. Hapo kosa liko kwenye barabara: njia ya kuingilia haijachorwa, au imewekwa kuwa ya upande mmoja. Kusogeza pini ili kuilazimisha njia ni kuficha kosa kwa kosa jingine. Ripoti barabara yenyewe, kwa sehemu ya kurekebisha barabara. Na kumbuka ramani si moja. Apple Maps ina "Report an Issue" yake. Kwenye OpenStreetMap unaacha dokezo kwenye nukta husika, na wanaolijibu ni watu wa kujitolea, kwa hiyo waandikie kama unavyomweleza mtu: "Mlango uko upande wa kaskazini, nilikuwepo leo, uchochoro wa kusini hauna geti." Programu zinazopakua ramani kwenye simu zitaendelea kuonyesha ya zamani mpaka mtumiaji asasishe.

Pini ya kliniki ilihamia mahali pake. Niliipima kwa simu ya dada wa mapokezi badala ya yangu, nikianzia mashariki na kisha magharibi, kwa gari na kwa miguu. Mara zote nne iliishia barabara ya mbele.

Lakini wiki iliyofuata mgonjwa mwingine aliishia ukutani. Tukauliza alitumia nini, akaonyesha ujumbe aliotumiwa na kliniki: kiungo cha nukta iliyodondoshwa kwenye ramani, si kiungo cha ukurasa wa biashara. Kiungo cha nukta hubeba namba zile zile milele, hakijui kwamba pini imesogea. Dada alifungua ujumbe wake wa kukaribisha wagonjwa, akafuta kiungo hicho, akaweka cha ukurasa wa biashara, kisha akaanza kuwaandikia wenye miadi ya wiki ile mmoja mmoja.