Marjaa akifariki

"Marjaa wangu, mwanazuoni ninayemfuata katika hukumu za dini, amefariki. Niendelee na fatwa zake?"

Usiamue kwa fatwa yake mwenyewe, ndugu yangu. Fatwa ya marehemu haiwezi kujipa idhini. Rejea kwa mujtahidi aliye hai. Kwa Sayyid Sistani, mmoja wa marjaa wa Kishia, marehemu akiwa mjuzi zaidi ya walio hai unabaki naye. Aliye hai akimzidi unahamia kwake. Anayesema kwamba maiti hafuatwi kabisa amepata nusu: kwa wanazuoni wengi, hilo ni kwa anayeanza kufuata. Msingi wa yote ni akili, asiyejua humrejea ajuaye. Riwaya ya Imamu Askari kuhusu kumfuata faqihi mchamungu ipo, ila mwanazuoni Sayyid Khui aliiona sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ni dhaifu. Kumtambua mjuzi zaidi ndiko kugumu. Waulize wanazuoni wawili waadilifu wanaoweza kupambanua.