Kodi kupandishwa katikati ya mkataba

"Nimelipa miezi sita, Januari hadi Juni, chumba Ngamiani, elfu 80 kwa mwezi. Leo Machi mwenye nyumba anataka elfu 110 kuanzia Aprili. Nikatae?"

Kataa, ndugu yangu, lakini kwa adabu na kwa maandishi. Mlikubaliana bei na muda, na ukalipa. Soma kwanza mkataba wako mstari kwa mstari: kama hakuna kipengele kinachomruhusu kupandisha kabla ya Juni, hiyo elfu 90 ya ziada ya Aprili, Mei na Juni si deni lako. Usimpe hata elfu kumi "ya kumpoza", maana kesho atasema ulikubali bei mpya. Kama hamkuandikiana, risiti yenye maneno "Januari–Juni" au ujumbe wa muamala wa simu ndio shahidi wako. Utunze.

Ila baada ya Juni hali ni nyingine. Sheria iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo anaweza kutaja bei anayotaka, nawe ukubali au uhame. Anayelipa mwezi kwa mwezi bila muda maalumu ana kinga ndogo zaidi: chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, notisi ya kumaliza upangaji wake isipungue mwezi mmoja.

Akibadilisha kufuli au kutoa vyombo vyako nje, anza kwa mwenyekiti wa mtaa. Shauri lenyewe hufunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.