Tangi la maji moto: pima chini, si juu tu

Nilipoanza kazi ya matengenezo hotelini, nilikuta tangi la maji moto limewekwa nyuzi 45. Mkubwa wangu alinieleza kwamba umeme haupotei bure na mgeni haungui. Nikaona ana hoja, nikaliacha hivyo. Leo nisingeliacha hata siku moja.

Kuna bakteria aitwaye lejionela. Hupenda maji ya nyuzi 20 hadi 45, na huzaana sana yakiwa karibu na joto la mwili wetu. Kumnywa si hatari kubwa. Hatari ni kumvuta pumzi. Shawa ikifunguliwa, matone madogo mno huelea hewani, mtu akayavuta, bakteria akafika mapafuni na kuleta nimonia kali. Aligunduliwa baada ya watu kuugua kwenye mkutano uliofanyika katika hoteli moja mjini Filadelfia mwaka 1976. Wazee, wavutaji sigara na wenye kinga dhaifu ndio huumia zaidi, na hospitalini wamejaa watu wa namna hiyo.

Nilipoelewa hayo nikapandisha themostati hadi 60, joto linalomuua bakteria huyo. Nilidhani nimemaliza. Siku moja nikafungua koki ya chini ya tangi ili nimwage tope. Yakatoka maji ya kahawia yenye vipande vya chokaa, nayo yalikuwa vuguvugu tu. Nikaweka kipimajoto: nyuzi 41, ilhali saa ya juu ya tangi ilisoma 60! Maji baridi huingilia chini, kipashio kiko juu yake, na lile tope huwapa bakteria chakula na maficho. Tulilisafisha tangi, tukafunga pampu ndogo ya kuzungusha maji kutoka juu hadi chini kwa saa moja kila usiku, wakati wageni wamelala. Ndipo chini napo pakafika 60.

Kuhusu kuungua, hofu hiyo ni ya haki, kwani maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Dawa yake ni vali ya kuchanganyia maji, na ifungwe karibu na bomba la kuogea. Ukiifunga pale kwenye tangi, utapeleka maji ya uvuguvugu jengo zima.

Sasa kila mwezi napima bomba lililo karibu na tangi na lile la mbali kabisa, kabla ya vali. Nafungua maji ya moto, na ndani ya dakika moja yawe yamefika 50, hospitalini 55. Maji yanayorudi kwenye tangi nayo yasishuke chini ya 50. Chumba kikikaa bila mgeni, kila wiki nafungua mabomba yake dakika kadhaa. Shawa naing'oa kichwa kwanza, ili maji yatiririke bila kurusha matone usoni mwangu.