Kuomba kuhamia idara nyingine: sifa na sababu ziandikwe kwa pamoja

Swali: "Wakuu, nipo huduma kwa wateja kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar. Ndani wametangaza nafasi ya uhasibu, na mimi nimeshaanza mitihani ya CPA. Bosi wangu hana baya, timu ipo poa, sina ugomvi na mtu. Nikiandika ujumbe wa kuomba kuhama, nawasifiaje bila kuonekana mnafiki, na sababu niziweke wazi kiasi gani?"

Mkuu, mimi nilitoka stoo nikaenda ununuzi, kwenye kampuni ya kusambaza vyakula vya dukani. Siku hizi nina vijana chini yangu, kwa hiyo ujumbe wa namna hii nimewahi kuuandika na sasa naupokea.

Wengi huandika sifa kivyake na sababu kivyake. Aya ya kwanza ni asali tupu: timu yetu ni familia, bosi ni mzazi, nimejifunza mengi. Aya ya pili inaanza na "hata hivyo". Msomaji akifika kwenye hilo "hata hivyo" anafuta yote aliyoyasoma juu yake, na anabaki anajiuliza, kama huku kuzuri hivyo, huyu anakimbia nini? Usipunguze sifa. Sifia kile hasa ambacho timu imekupa na ambacho ndicho kinachokupeleka huko unakotaka kwenda. Hapo sifa inageuka kuwa sehemu ya sababu, na bosi hawezi kuitilia shaka kwa sababu anaijua.

Huu ndio ujumbe niliomwandikia mkuu wa stoo wakati ule. Nimeondoa majina tu, na tulikuwa tunamwita mzee, hata kwenye barua pepe.

> Yah: Ombi la kuhamia idara ya ununuzi
>
> Habari za kazi, mzee.
>
> Kama tulivyozungumza Jumatatu, naomba kuhamia idara ya ununuzi, kwenye nafasi ya ofisa msaidizi iliyotangazwa wiki iliyopita.
>
> Kupokea mzigo nimejifunza kwako. Wewe ndiye uliyenizoesha kutosaini hati ya mapokezi kabla ya kufungua katoni za katikati ya paleti, maana za juu tarehe zake huwa nzuri kila mara. Wenzangu wa zamu ya asubuhi ndio walionifundisha kujaza kadi ya stoo papo hapo badala ya kungoja jioni. Kwa uzoefu huo nimeona kwamba bidhaa nyingi tunazobishania na madereva, zile zilizobakiwa na muda mfupi, tatizo lake halianzii mlangoni kwetu. Linaanzia kwenye oda ambayo haikutaja muda unaotakiwa kubaki.
>
> Sababu zangu ni mbili. Kwanza, nataka kulifanyia kazi jambo hilo pale linapoanzia, kwenye kuandika oda na kuzungumza na wauzaji. Pili, nafanya mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na stoo peke yake hainipi mazoezi ya upande wa ununuzi.
>
> Napendekeza nihame baada ya hesabu ya mali ya mwisho wa mwezi, ili makabidhiano yafanyike kwa takwimu zilizohakikiwa. Atakayechukua rafu zangu nitamwelekeza kuanzia sasa, na baada ya kuhama nitapokea maswali yake kwa wiki mbili.
>
> Naomba ridhaa yako, au maoni yako, kabla ya Ijumaa, kwa kuwa tangazo linafungwa Jumatatu inayofuata.
>
> Ahsante kwa yote, mzee.

Angalia ile habari ya katoni za katikati. Wapo wauzaji wanaopanga mzigo mpya juu ya paleti na kuficha chini yake uliokaribia kuisha muda, na mzee alikuwa hakubali hata siku moja kusaini kwa kuangalia safu ya juu. Madereva walikuwa wanalalamika, foleni ya magari inasogea hadi barabarani, yeye yupo na kisu chake anafungua katoni. Nilipoliandika hilo alijua naongea habari za kazi yake mwenyewe. Sentensi kama "umekuwa kiongozi bora" angeweza kuipata kwa mtu yeyote, hata kwa asiyewahi kufika stoo. Kipimo changu ni hicho: kama sifa yako inaweza kunakiliwa na mtu wa idara nyingine bila kubadilisha neno, bado hujasifu.

Kitu cha pili cha kuangalia ni kiungo kati ya sifa na sababu. Nimeandika "kwa uzoefu huo", sikuandika "lakini". Stoo ndiyo iliyonionyesha tatizo, ununuzi ndiko linakotatuliwa. Mzee akiusoma anaona kazi yake inaendelea mbele, haoni mtu anayemkimbia.

Hapo pana tahadhari moja. Kusema oda hazitaji muda ni kuigusa idara ninayoomba kuingia, na mkuu wa kule naye atausoma ujumbe huo. Mimi niliweza kuliandika kwa sababu lilishazungumzwa kwenye kikao cha pamoja, na wao wenyewe walilikubali. Kama jambo lako halijawahi kutajwa mbele yao, usiwape habari hiyo kwa mara ya kwanza kwenye ombi la kazi. Lieleze kama kitu unachotaka kujifunza.

Tuje kwako sasa. Huduma kwa wateja na uhasibu vinakutana kwenye ankara, bila shaka unalijua hilo kuliko mimi. Mteja analipa kwa simu bila kuweka namba ya ankara, fedha inaingia ila haijulikani ni ya nani, akaunti yake inaendelea kusoma deni, mzigo wake unazuiwa, anakupigia wewe akifoka. Kama timu yako imekufundisha kufuatilia malipo ya namna hiyo, aya yako inaweza kusomeka hivi:

> Dada, kwako nimejifunza kutofunga lalamiko la malipo mpaka nimeona muamala wenyewe na namba yake, hata kama mteja ameshakata simu kwa hasira. Kufuatilia miamala hiyo pamoja na wenzangu wa kaunta ndiko kulikonivuta kwenye kazi ya usuluhishi wa hesabu, na ndiyo maana nilianza mitihani ya CPA.

Kama humwiti dada, mwite unavyomwita kila siku. Ujumbe unaobadilika ghafla kuwa "Mheshimiwa Meneja" kwa mtu mnayekula naye chakula cha mchana unamshtua kabla hajafika kwenye ombi.

Kwenye sababu, mbili zinatosha, na kila moja iwe kitu ambacho bosi anaweza kukihakiki. Mtihani una namba ya usajili, tangazo lipo ubaoni, malipo yasiyo na namba yapo kwenye ripoti. "Nataka changamoto mpya" hakihakikiki, kwa hiyo msomaji anajaza mwenyewe anachodhani ndicho cha kweli. Kijana mmoja aliniandikia kwamba kazi imekuwa ya kujirudia. Huenda ilikuwa kweli, ila kazi hiyohiyo wenzake walikuwa wanabaki nayo, na mmoja wao nilikuwa natakiwa nimwombe aibebe peke yake kwa muda. Nilimrudishia akaondoa mstari huo, ndipo nikaupeleka mbele.

Mshahara usiuweke kwenye ujumbe huu hata kama ni sehemu ya sababu. Uliza kwa watu wa utumishi, peke yake, kama ngazi ya nafasi hiyo ni sawa na yako.

Wewe umesema huna ugomvi na mtu, sawa. Ila kwa mwingine anayesoma hapa: kama unahama kwa sababu mtu anakunyanyasa, usivalishe jambo hilo nguo ya sifa. Ujumbe utabaki kwenye faili lako, na siku ukilalamika utatolewa huo unaosema timu ilikuwa nzuri. Hilo lina njia yake ya malalamiko, na lipite huko.

Kabla ya kutuma, mwone bosi ana kwa ana. Hili nalisisitiza kwa sababu mabosi wengi hawachukii ombi lenyewe, wanachukia kulisikia kwa mtu wa utumishi kwenye korido. Dakika kumi zinatosha: mwambie unataka kuomba ile nafasi, mpe sababu zako mbili, muulize anaona makabidhiano yafanyike lini. Ujumbe unafuata siku hiyohiyo au kesho yake, unakwenda kwake, nakala kwa utumishi. Mkuu wa uhasibu usimweke kwenye nakala mpaka bosi wako amekubali au tangazo linataka hivyo. Soma tangazo vizuri, maana mengine yana sehemu ya msimamizi wa sasa kusaini, na bila saini hiyo fomu haipokelewi.

Wakati wa kutuma nao una maana. Uhasibu mwanzoni mwa mwezi wanafunga hesabu za mwezi uliopita, hakuna atakayekusoma. Mitihani ya bodi ya wahasibu hufanyika Mei na Novemba, kwa hiyo usipendekeze kuhama katika wiki ambazo utakuwa unaomba ruhusa ya kwenda chumba cha mtihani.

Tarehe ya makabidhiano ndiyo watu wengi wanaiacha, halafu wanaumia. Bila tarehe, jibu linakuwa "sawa, nitaliangalia", na hapo ombi limelala. Ukiweka tarehe, hata akikataa atalazimika kusema lini inawezekana. Weka pia mwisho wa kusaidia kule ulikotoka, kama nilivyoandika wiki mbili. Usipouweka utajikuta asubuhi uko uhasibu, mchana umeitwa kushika simu "kidogo tu", na tathmini ya mwisho wa mwaka kila bosi anasema hukuwepo kwake.

Bosi akikubali, usibebe kikombe chako na kuhamia meza nyingine kwa maneno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na yakibadilika yarekebishwe kwa kushauriana naye na ajulishwe kwa maandishi. Omba barua inayotaja cheo kipya, tarehe ya kuanza, mshahara, na unaripoti kwa nani. Waulize utumishi pia kama kuna kipindi cha majaribio kwenye nafasi mpya, na kama ukionekana hufai unarudi huduma kwa wateja au vipi. Wakisema unarudi, omba hilo nalo liandikwe kwenye barua.